Kabla Mbuzi wa Kuzaa Hajapelekwa Mnadani

Hotuba kwa machifu, wazee wa vijiji na vikundi vya kina mama, Hola, Kaunti ya Tana River

Waheshimiwa machifu, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: salaam aleikum, hamjambo nyote. Nashukuru kwa kunialika. Nimetoka Marsabit, safari ndefu kidogo, na njiani nimeangalia mbuzi wenu kama mtu wa kwetu anavyoangalia mbuzi wa watu. Bado wana nyama. Basi tumekutana wakati mzuri, kwa sababu niliyokuja kuwaambia hayana faida tena mbuzi wakishakonda.

Nimeombwa nizungumze juu ya fedha ambazo serikali huingiza moja kwa moja kwenye akaunti za kaya maskini wakati wa ukame. Huku kwenu mpango huo ni mgeni kidogo. Kwetu ulianza kulipa mwaka 2009, katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, na awamu ya tatu ndiyo iliyoongeza Tana River, Garissa, Isiolo na Samburu. Mimi nilikuwa karani wa uandikishaji katika awamu ya pili. Nimekaa chini ya miti mingi nikiuliza watu wana mbuzi wangapi, jambo ambalo mfugaji hapendi kuulizwa hata na shemeji yake. Kwa hiyo nitasema kama mtu aliyeona kazi hii kwa chini, mezani kwa karani na dukani kwa wakala.

Nianze na hesabu ya kaya moja. Nimeitunga mwenyewe ili tuhesabu pamoja, lakini bei hizi hazitawashangaza.

Tuseme kaya ya watu sita ina mbuzi ishirini na watano. Watu hao wanakula kilo mbili na nusu za unga kwa siku, yaani kilo 75 kwa mwezi. Mwaka mzuri, mbuzi mmoja anauzwa shilingi 4,500 na kilo ya unga ni shilingi 60. Fanyeni hesabu: mbuzi mmoja ananunua kilo 75. Mbuzi mmoja, mwezi mmoja. Kundi linazaa, maziwa yapo, maisha yanakwenda.

Sasa mvua imekosa. Mbuzi amekonda, na kila mtu anauza siku hiyo hiyo ya mnada, kwa hiyo dalali anatoa shilingi 2,000, akikutazama usoni kuona kama utakataa. Unga nao umepanda hadi shilingi 90, kwa kuwa lori linatoka mbali na hata wasiokuwa wakinunua sasa wananunua. Kilo 75 zinagharimu shilingi 6,750. Mbuzi mmoja hanunui tena chakula cha mwezi. Ananunua kilo ishirini na mbili tu. Kaya hii itauza mbuzi watatu na zaidi kila mwezi. Ukame ukikaa miezi sita, watakuwa wameuza mbuzi ishirini. Wamebaki watano, na hapo sijahesabu hata mmoja aliyekufa.

Turudie hesabu ile ile, safari hii kaya iwe inapata shilingi 2,700 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango kilichokuwa kikilipwa kwetu kuanzia mwaka 2016, na kilitolewa kila baada ya miezi miwili, shilingi 5,400 kwa mkupuo. Fedha hizo haziwalishi. Zinanunua kilo 30, na 45 zilizobaki lazima zitoke kwenye mbuzi. Lakini baada ya miezi sita watakuwa wameuza mbuzi kumi na wawili, na wamebaki na kumi na watatu.

Tano na kumi na tatu. Wazee mliochunga mnajua tofauti yake. Kundi la mbuzi kumi na watatu, likipata mwaka na nusu wa mvua, limerudi. Kundi la watano halirudi. Mwenye watano atauza wawili kwa karo, mmoja ataliwa na fisi, na mwaka unaofuata utamkuta amejenga kibanda pembeni ya mji akichoma makaa. Nimewaona wengi namna hiyo, watu ambao baba zao walikuwa hawajui idadi ya mifugo yao.

Kuna jambo moja ndani ya hesabu hii ambalo maafisa wengi hawalioni, na nyinyi mnalijua bila kufundishwa: mbuzi hawauzwi ovyo. Wa kwanza kwenda mnadani ni dume lililohasiwa. Wanafuata mabeberu, kisha majike wazee wasiozaa tena. Mtu akishikwa sana ndipo anamfunga kamba mtamba, na mwisho kabisa, usiku hajalala, anamtoa jike mwenye mimba. Ukimwona mfugaji anapeleka mbuzi wenye mimba mnadani, usimuulize hali. Amekwisha kujibu.

Basi fedha ikifika wakati bado anauza madume, inaokoa majike. Ikifika majike yamekwisha kwenda, haiwezi kuyarudisha, na si kwa sababu ni kidogo tu. Wakati wa ukame shilingi 2,700 ni zaidi ya bei ya mbuzi mmoja. Mvua ikinyesha, kila mtu anatafuta jike la kuanzia upya, na jike hilo halipatikani hata kwa mara mbili ya fedha hizo. Shilingi zile zile, kwa kuchelewa miezi mitatu, kutoka kuokoa mbuzi mzima zimekuwa za kununua nusu yake. Kwa hiyo leo nitasema sana juu ya wakati, kuliko kiasi. Kiasi nacho kina neno lake, nitalifikia.

Zamani, na hapa sizungumzii zamani sana, msaada ulikuwa ukifuata njaa. Mvua inakosa, mifugo inakufa, magazeti yanaandika, mkutano unafanyika Nairobi, kisha orodha inaandikwa, na mwishoni kabisa lori la mahindi linafika. Mara nyingi lilikutana na mvua njiani likazama kwenye matope. Ukitazama vizuri utaona kwamba kilichochukua muda mrefu kilikuwa orodha. Nani apewe? Kwa njia gani? Nani athibitishe? Maswali hayo yote yalikuwa yanaulizwa watu wakiwa wameshalala njaa.

Jambo jipya katika awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2013, lilikuwa kuyajibu maswali hayo mapema. Hatukuandika maskini peke yao. Tuliandika takribani kila kaya katika kaunti zile nne, zaidi ya kaya 370,000. Karani anauliza watu wangapi wanalala hapa, nyumba imeezekwa kwa nini, maji yanatoka wapi, mifugo ipi ipo. Kompyuta inatoa alama. Kisha baraza nalo linakaa na kupanga kaya kwa jinsi linavyozijua, nani hana kitu, nani ana kidogo, nani anajiweza. Mambo hayo mawili yanaunganishwa. Kaya 100,000 zilizoonekana kuwa maskini zaidi zikawekwa kikundi cha kwanza, zinalipwa mwaka mzima, mvua iwepo isiwepo. Zilizobaki ni kikundi cha pili. Hao hawalipwi kwa kawaida, lakini walifunguliwa akaunti za benki na kupewa kadi, wangoje. Hapo ndipo palikuwa na akili kubwa. Siku mambo yakiharibika, fedha inaingia kwenye akaunti iliyokuwepo tangu zamani.

Sasa nani anaamua kwamba mambo yameharibika? Asipatikane mheshimiwa wa kusema kwangu kuna ukame kuliko kwako. Uamuzi umeachiwa kipimo kimoja kinachosomwa kutoka angani, nacho nitawaeleza taratibu kwa sababu ndicho kinachowalipa au kuwanyima.

Setelaiti inapita juu yetu na kupima ukijani wa ardhi. Lakini ukijani peke yake hauambii kitu, maana ukijani wa Hola na ukijani wa jangwa la Chalbi si sawa hata mwaka wa neema. Kwa hiyo kila mahali panalinganishwa na pale penyewe. Wanachukua miaka mingi iliyopita na kuuliza: msimu kama huu, ukijani wa chini kabisa uliowahi kuonekana hapa ulikuwa kiasi gani, na wa juu kabisa kiasi gani? Tuseme wa chini ulikuwa 15 na wa juu 35. Katikati pana hatua ishirini. Sasa hivi setelaiti inasoma 18. Tumepanda hatua tatu tu kati ya ishirini, nayo ni 15 kwa mia. Namba hiyo ya mwisho ndiyo wanayoiita VCI, na mtaiona katika taarifa ya ukame ya kila mwezi inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, kwa kila kaunti kame.

Ikiwa juu ya 35, hali ni ya kawaida au nzuri. Kati ya 20 na 35, ukame wa wastani, na kikundi cha pili hakilipwi bado. Ikishuka chini ya 20, ukame ni mkali: malipo yanapanuliwa mpaka yafikie hadi nusu ya kaya zote za kaunti ndogo ile. Ikishuka chini ya 10, ukame umepita kiasi, na malipo yanakwenda hadi robo tatu ya kaya. Kila mwezi ambao kipimo kiko chini, kaya za kikundi cha pili zilizofikiwa zinapata malipo ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa Aprili 2015. Katika ukame wa 2017, ambao serikali ilitangaza kuwa janga la kitaifa mwezi wa Februari, njia hiyo ilitumika tena na tena.

Nakumbuka siku moja ya malipo hayo, kusini mwa Marsabit. Duka la wakala ni la mabati, mlango mmoja, na ndani mna kile kimashine cha kuweka kidole. Mama mmoja mzee alifika tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Mikono iliyochota maji kwenye visima vya kamba miaka hamsini imekwisha alama, imekuwa laini kama jiwe la mtoni. Wakala, kijana mwema, akampangusa vidole kwa kitambaa chenye maji, akamwambia avibonyeze kwa nguvu, kimoja baada ya kingine. Kidole cha saba kikakubali. Yule mama akapokea shilingi zake, akahesabu mara mbili, na hapo hapo, bila kutoka mlangoni, akanunua kilo kumi za unga, sukari, majani ya chai na mafuta kidogo. Nikamuuliza zilizobaki za nini. Akasema, "Za kumlipa huyu," akimwonyesha mwenye duka. "Yeye ndiye aliyenilisha mwezi uliopita."

Hilo lilinifundisha zaidi ya semina zote. Kaya inayojua kwamba fedha inakuja tarehe fulani inakopesheka. Mwenye duka anaipa unga leo kwa sababu anajua atalipwa. Kwa hiyo mtu wa kikundi cha kwanza fedha yake inafanya kazi hata kabla haijaingia. Mtu wa kikundi cha pili hana bahati hiyo, maana hajui atalipwa lini, au kama atalipwa. Kipimo kinashuka, fedha inaingia kimya kimya, na wakati mwingine anapata habari wiki mbili baadaye, kwa redio au kwa jirani. Hakupanga kitu, hakukopa kwa ajili yake. Wengi niliowauliza walidhani wameingizwa kwenye orodha ya kudumu, na mwezi uliofuata walitembea kilomita arobaini hadi kwa wakala wakaambiwa salio ni sifuri. Machifu, mkichukua neno moja kwangu leo chukueni hili: siku malipo ya dharura yakitangazwa, waambieni watu kwamba ni ya mwezi huu tu, na mwezi ujao utasemwa ukifika.

Na mkopo wa dukani una upande wake mchungu. Nimeona maduka ambayo chini ya meza pana kopo lililojaa kadi za benki za watu. Mwenye duka anashika kadi kama rehani, na namba ya siri ameambiwa. Siku ya malipo anajilipa mwenyewe, na mwenye kadi anaambiwa deni limebaki kiasi gani. Wengine walikuwa waaminifu. Wengine deni lao halikwisha miaka miwili. Hili halionekani kwenye ripoti, kwa sababu kwenye ripoti fedha imelipwa na imetolewa, kila kitu sawa. Ukitaka kulijua, tazama mama anayetoka kwa wakala. Akitoka na unga bila shilingi mkononi na hakuhesabu chochote, ujue kadi si yake tena.

Sasa turudi kwa setelaiti, kwa sababu huku kwenu ina shida moja ambayo nataka muisikie vizuri. Setelaiti inaona kijani. Haijui kama kijani hicho kinaliwa.

Mnacheka, mmeshajua ninakokwenda. Mathenge. Mmea ule uliletwa kuzuia jangwa, sasa umefunga njia za mifugo na kingo za mto. Kiangazi kikiwa kikali kabisa, nyasi zimeisha, mathenge bado imesimama kijani kwa sababu mizizi yake inakunywa chini sana. Ng'ombe hali majani yake, na mbuzi akila maganda yale matamu kupita kiasi meno yanaoza. Lakini kwa setelaiti huo ni ukijani kama ukijani mwingine. Hali kadhalika msitu wa kando ya Mto Tana na mashamba yanayonyweshwa. Kipimo ni wastani wa kaunti ndogo nzima, na wastani unaweza kumficha mfugaji aliye kilomita sitini kutoka mtoni, ambaye kwake hakuna hata jani. Kwetu ni vivyo hivyo: Mlima Marsabit una msitu na ukungu, na bonde lililo chini yake ni mawe.

Isitoshe, namba inayotumika ni wastani wa miezi mitatu. Walifanya hivyo kwa sababu nzuri, ili wingu moja au mvua ya siku mbili isivuruge hesabu. Lakini wastani wa miezi mitatu unachelewa kushuka. Mwezi wa kwanza nyasi zimekwisha, bado kipimo kinakumbuka miezi miwili ya kijani. Kitakaposhuka chini ya 20, mfugaji amekwisha kuuza madume yote na anawatazama majike. Hicho ndicho kipindi nilichowaeleza mwanzo, kipindi ambacho shilingi ina nguvu kuliko wakati wowote, na mpango wetu unakipitisha ukiwa umelala.

Kwa hiyo nasema wazi maoni yangu, na wako wataalamu tunaobishana nao: kipimo kile kisiachwe peke yake. Taarifa ya NDMA ya kila mwezi ina mambo mengine ambayo vijana wao wanayakusanya vijijini: bei ya mbuzi mnadani, bei ya mahindi, umbali wa kwenda kuteka maji, maziwa yanayokamuliwa nyumbani. Bei ya mbuzi ikigawanywa kwa bei ya kilo ya unga inatoa namba ambayo kila mtu hapa anaielewa, mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi. Ile kaya yetu ilitoka kilo 75 ikashuka hadi 22. Ikifika 40 hivi, wakati setelaiti bado inasema ni wastani, hapo ndipo ningelipa.

Wanaonipinga wanasema bei zinaweza kuchezewa na kijani hakiwezi. Wana hoja. Aliyewahi kuona orodha ya msaada ikiandikwa upya usiku nyumbani kwa mtu mkubwa hawezi kuwadharau. Ndiyo maana sisemi kipimo kile kiondolewe. Nasema kiwekewe mwenzake.

Sasa juu ya kiasi, niliahidi. Shilingi 2,700 zilikuwa zile zile kwa kaya ya watu watatu na kaya ya watu kumi na mmoja. Zilikuwa zile zile unga ukiwa shilingi 60 na ukiwa 90. Na kwetu mtu hali peke yake. Mjane wa kikundi cha kwanza akipokea, mke wa marehemu kaka wa mume wake ambaye hakuandikwa atatuma mtoto na kibuyu, na hatarudishwa mikono mitupu. Wakati wa ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni mbili ikafa katika kaunti kame za Kenya. Katika hali kama ile, mgao wa mwezi mmoja kwa kikundi cha pili ni chakula cha siku kumi na mbili, kwa kaya isiyogawana na mtu. Ukichelewa, na malimbikizo ya miezi yametokea mara nyingi katika malipo haya ya serikali, mzee anayeishi kwa mkopo wa dukani anapoteza na mkopo pia. Mwenye duka haamini tena tarehe. Kwa hiyo malipo yakilimbikizwa miezi minne kisha yakalipwa yote kwa pamoja, msiseme hakuna kilichopotea. Jumla ni ile ile, lakini mbuzi waliouzwa katika miezi hiyo minne hawarudi.

Mzee pale ameinua mkono tangu zamani... Anauliza, fedha hizi hazitawafanya vijana walale? Mzee wangu, nakuheshimu. Kilo thelathini za unga kwa watu sita hazimlazi mtu. Nilichoona mimi ni kinyume. Kijana ambaye nyumbani kuna unga wa siku kumi anaweza kwenda fora na ng'ombe mbali, kufuata malisho, kwa sababu hana haja ya kurudi kila siku ya mnada kumuuza mmoja ili mama ale.

Hapo mmenikumbusha kosa letu la uandikishaji, nalo linawahusu. Tulipopita mwaka ule, waliokuwa fora hatukuwakuta. Tuliambiwa "wako mbali," tukaandika tuliowaona. Pia waliooa baada yetu hawamo: mtu alikuwa mtoto nyumbani kwa baba yake, leo ana mke na watoto wanne, na kwa orodha yetu bado ni mtoto wa kaya ya baba. Na wazee wasio na kitambulisho cha taifa walikwama, kwa sababu benki haifungui akaunti bila kitambulisho. Orodha inazeeka kila siku inayopita. Njaa ikija hakuna muda wa kuirekebisha, tutarudi kule kule kwa maswali yanayoulizwa watu wakiwa wamelala njaa.

Na hata aliyemo anaweza kukosa. Akaunti ya kikundi cha pili inaweza kukaa miaka miwili bila shilingi kuingia wala kutoka. Akaunti ya namna hiyo benki inaifunga usingizi. Kadi imepotea, simu imebadilishwa, aliyeandikwa kama mwenye akaunti amefariki na mjane hajui pa kuanzia. Ukame unafika, fedha inatumwa, inagonga mlango uliofungwa na kurudi ilikotoka. Kwenye hesabu za Nairobi inaonekana kama mtu aliyelipwa asiyechukua.

Kwa hiyo nimewaomba machifu, nao wamekubali, tusiagane kwa makofi. Nje, chini ya ule mwarobaini, kuna meza mbili. Meza ya kulia ni ya walio na kadi: njoo na kadi na kitambulisho, jaribu vidole vyako vyote kumi, na kile kinachokubali kiandikwe nyuma ya karatasi yako. Meza ya kushoto ni ya wasioandikwa, waliooa karibuni, wajane, na wasio na kitambulisho. Wenye jamaa walioko malishoni, tuambieni majina yao na siku wanayotarajiwa kurudi kisimani, tutawafuata huko. Wazee na kina mama wajawazito watangulie, vijana wasaidie kuwasomea namba. Tuna mpaka magharibi, na kesho asubuhi tutakuwa upande wa pili wa mto.